Je, Wajua? Picha ya Mtungi Mwekundu

Je, wajua kwamba wekundu wa mtungi wa kuzimia moto haukuambii lolote kuhusu moto unaouzima? Mtungi wa maji ni mwekundu, wa povu ni mwekundu, wa poda ni mwekundu, na ule wa gesi ya kaboni dioksaidi nao siku hizi ni mwekundu. Kinachotofautisha ni vitu vidogo vilivyo juu yake: utepe wa rangi, vichoro vya moto, na geji. Safu ya leo inahusu kuvisoma vitu hivyo kwenye picha, maana ndivyo ununuzi unavyofanyika. Muuzaji wa Nachingwea anapiga picha, anaituma kwa simu, na karani wa chama cha msingi kule Ruangwa anatakiwa aseme ndiyo au hapana kabla gari la mchana halijaondoka.

Tuichukue picha moja ya namna hiyo. Mtungi mwekundu umesimama sakafuni, mpira mweusi ubavuni, geji ya mviringo shingoni. Hauna utepe wowote wa rangi. Kwenye karatasi ya maelezo yapo maandishi MFZ/ABC6, na chini yake vichoro vitatu. Mshale wa geji uko kwenye kijani. Chini ya picha muuzaji ameandika: "Huu unazima moto wote, bosi." Mtungi unatakiwa kwa ghala la korosho. Tuone picha inasema nini, na muuzaji amesema nini.

Je, wajua kwamba kukosa utepe si dalili ya mtungi feki? Utepe wa rangi ni desturi ya Uingereza, nasi tumeirithi kwenye mafunzo yetu mengi. Kabla ya miaka ya mwisho ya 1990 Waingereza walipaka mtungi mzima rangi ya kilichomo ndani: wa poda ulikuwa wa bluu kuanzia juu hadi chini, wa kaboni dioksaidi mweusi tii. Kiwango cha pamoja cha Ulaya kilipotaka kila mtungi uwe mwekundu, Waingereza wakabakiza rangi zao kwenye utepe mdogo. Bluu ni poda. Krimu ni povu. Nyeusi ni kaboni dioksaidi. Njano ni kemikali ya maji kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Mtungi wa maji huandikwa tu, wekundu kwa wekundu. Nchi nyingine za Ulaya hazina utepe huo, na mitungi ya Kichina iliyojaa madukani kwetu aghalabu haina pia. Kwa hiyo utepe ukiwepo, usome. Usipokuwepo, shuka kwenye maandishi.

Wajua kwamba bluu ya Mwingereza si bluu ya Mmarekani? Utepe wa bluu kwenye mtungi wa Kiingereza maana yake ndani kuna poda. Kwenye mtungi wa Kimarekani utakuta duara la bluu lenye herufi C, na hilo halisemi kilichomo ndani. Linasema mtungi unafaa kwa moto wa umeme. Herufi yenyewe nayo ni mtego. Kwa Ulaya C ni moto wa gesi, kama mtungi wa kupikia unaovuja. Kwa Mmarekani C ni umeme. Mchina ana E kwa umeme, na C yake ni gesi kama Ulaya. Mafuta ya kupikia ni F kwa Ulaya na K kwa Marekani. Mtu aliyekariri herufi kwenye semina moja anaweza kusoma mtungi wa soko lingine akakosea kabisa huku akijiona mjuzi.

Ndiyo maana mimi nawaambia watu waanze na kichoro. Kichoro hakina lugha. Magogo au pipa la taka linalowaka ni vitu vikavu: mbao, karatasi, nguo, magunia. Dumu lenye moto ni petroli, dizeli, rangi na mafuta ya taa. Bomba linalotoa mwali ni gesi. Kikaango kinachowaka ni mafuta ya kupikia. Radi au plagi ni umeme. Ukiona kichoro kimekatwa na mstari mwekundu wa mshazari, hapo unakatazwa: moto huo usiuguse na mtungi huu. Watu wengi huuona mstari ule kama pambo.

Je, wajua kwamba ndani ya bluu moja mna poda za aina mbili zisizofanana tabia? Hapa ndipo penye uzito kwa ghala la korosho, na naomba tukae kidogo.

Poda ya kwanza huandikwa BC. Mara nyingi ni sodiamu baikaboneti, ndugu ya ile magadi soda ya kuumulia maandazi. Huufyeka mwali wa petroli au gesi kwa haraka, kisha kazi yake imeisha. Poda ya pili huandikwa ABC, na kiungo chake kikuu ni fosfeti ya amonia. Hii inapopata joto huyeyuka na kuganda juu ya kaa la moto, ikalifunika lisipate hewa. Tofauti hiyo huioni kwa rangi, maana poda zote mbili hupewa utepe wa bluu.

Sasa fikiria gunia la juti lililojaa korosho. Moto wake una sehemu mbili: mwali unaouona juu, na kaa linalotambaa ndani ya nyuzi na kati ya gunia na gunia. Ganda la korosho nalo lina mafuta yanayowaka vizuri. Ukipuliza poda ya BC, mwali unazimika na watu wanashangilia. Baada ya dakika chache moshi unaanza tena pale pale, na mtungi umekwisha. Kaboni dioksaidi ina kasoro hiyohiyo: gesi inatawanyika, kaa linabaki na joto lake, hewa ikirudi moto unarudi. Kwa magunia unataka A kwenye maelezo, yaani maji, povu au poda ya ABC, na hata hiyo ABC ikishamaliza kazi lazima magunia yaliyoungua yatolewe nje, yapasuliwe na kumwagiwa maji.

Na wajua jinsi ya kuusoma mtungi wa Kichina hata kama karatasi imejaa maandishi usiyoyajua? Tazama msimbo. M ni kizima moto. F ni poda. Z maana yake gesi ya kusukuma imeshindiliwa humohumo pamoja na poda, ndiyo maana kuna geji. T badala ya F ni kaboni dioksaidi. Tarakimu ya mwisho ni kilo za kilichomo. Kwa hiyo MFZ/ABC6 ni poda ya ABC, kilo 6. Lakini ukikuta MFZ6 tupu, bila ABC katikati, kwa kawaida hiyo ni poda ya BC, yaani ule mtungi unaozima mwali na kuacha kaa. Mitungi hiyo miwili ikisimama bega kwa bega inafanana kila kitu isipokuwa herufi tatu, na wa BC aghalabu ni wa bei nafuu zaidi.

Karani wetu ameshapata jibu la kwanza basi. Picha inaonyesha ABC, na kichoro cha kwanza ni cha magogo yanayowaka. Kwa magunia unafaa.

Wajua maana ya tarakimu kama 27A 183B? Kwenye mtungi wa Ulaya hizo ni matokeo ya mtihani. 27A maana yake mtungi huo ulizima rundo la vijiti vya mbao lenye urefu wa mita 2.7, lililopangwa kwa kipimo maalumu. 183B maana yake ulizima sinia lenye lita 183, theluthi moja maji na theluthi mbili kimiminika kinachowaka. Upande wa F ni lita za mafuta ya kupikia: 75F ni lita 75. Lakini Mchina na Mmarekani hupima A kwa kipimo kingine. Mtungi wa Kichina wa kilo 6 mara nyingi huandikwa 3A 89B, na ile 3A si kwamba ni dhaifu mara tisa kuliko 27A. Linganisha mtungi na mwenzake wa soko lilelile.

Na usisahau muda. Mtungi wa poda wa kilo 6 kwa kiwango cha Ulaya unatakiwa utoe poda kwa sekunde zisizopungua 9. Hesabu moja mpaka tisa kwa sauti ujue ni kidogo kiasi gani. Mtungi huo ni wa gunia moja au mawili yanayoanza kushika. Rundo likishawaka mpaka juu, hapo ni kutoka nje na kupiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bila kusubiri mtungi uishe.

Je, wajua kwamba kwenye ghala hilohilo kuna kitu ambacho mtungi mzuri unaweza kukiharibia? Nazungumzia salfa. Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa wanaijua vizuri: ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Mifuko inayobaki huwekwa ghalani, wakati mwingine pembeni ya magunia. Salfa inayeyuka ikifika nyuzi joto 115 hivi, kisha inawaka kwa mwali wa bluu uliofifia, mchana huuoni vizuri. Unachokiona kwanza ni kikohozi, kwa sababu moshi wake ni gesi ya salfa dioksaidi, inayokaba koo na kuchoma macho.

Hatari kubwa ni vumbi. Salfa ya unga ikitimka hewani ikakutana na mwali, wingu zima linaweza kulipuka. Na mtungi wa poda au wa kaboni dioksaidi hutoa kilichomo kwa nguvu. Ukiuelekeza kwa karibu kwenye lundo la salfa iliyo wazi, wewe ndiye unayelitimua vumbi. Moto mdogo wa salfa hufunikwa polepole kwa mchanga mkavu, au hunyeshewa maji ya rasharasha, si bomba la kupiga moja kwa moja. Hakuna kichoro cha salfa kwenye karatasi ya mtungi. Ukifuata vichoro peke yake utasema "ni kitu kikavu, ABC inafaa," na kwa herufi hujakosea. Kilichobaki ni namna ya kuutumia, na hilo picha haisemi. Ushauri wangu kwa chama chochote cha msingi ni kuihamishia salfa chumba chake, halafu ndoo mbili za mchanga zikae mlangoni. Mchanga haugharimu kitu.

Turudi kwenye picha: wajua geji inapima nini hasa? Inapima mkandamizo wa gesi tu. Haipimi poda. Mtu anaweza kujaza mtungi wa kilo 6 poda kilo 3, akashindilia gesi mpaka mshale ukasimama katikati ya kijani, na picha itapendeza. Geji nyingi za mitungi ya Kichina zina alama ya 1.2, na kipimo ni MPa. Kijani kinaizunguka alama hiyo. Kushoto kuna nyekundu: gesi imepungua, ijazwe. Kulia kuna njano: imeshindiliwa kupita kiasi. Za Ulaya huwa na nyekundu pande zote mbili.

Watu huuliza kama joto la kusini linasukuma mshale. Linasukuma, ila kidogo. Geji imepangwa kwa nyuzi joto 20. Ghala la bati likifika 40 mchana, 1.2 itapanda mpaka kama 1.3, bado ndani ya kijani. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ni jua tu, kaka" huku mshale umelala mwisho wa njano, usikubali. Na mshale ulio kwenye nyekundu mchana wa joto uko chini zaidi alfajiri.

Picha ya pembeni nayo hudanganya. Mshale umeinuka kidogo juu ya uso wa geji, ukipigwa picha kwa ubavu unaonekana umesogea. Omba picha ya pili, simu ikiwa imeielekea geji usoni, na pini na sili vionekane. Sili iliyokatika na unga mweupe kwenye mdomo wa mpira vinakwambia jambo moja: mtungi umeshawahi kubonyezwa.

Wajua kwamba kubonyeza "kidogo tu, kujaribu" kunauua mtungi wa poda? Chembe za poda hukwama kwenye kikalio cha valvu, valvu haifungi tena sawasawa, na gesi inavuja taratibu. Siku ya majaribio mshale bado uko kijani na picha inapigwa. Baada ya siku au wiki kadhaa umelala kwenye nyekundu. Mtungi wa poda uliobonyezwa hata sekunde moja unatakiwa ufunguliwe, usafishwe na kujazwa upya.

Je, wajua kwamba vyama vya msingi tayari vina kifaa cha kumuumbua muuzaji? Mizani. Mizani ileile ya kupimia korosho. Karatasi ya mtungi huandikwa uzito wa jumla, yaani chuma, poda na gesi kwa pamoja. Mtungi ukishuka kwenye gari, upandishe mizani kabla hujasaini popote. Ukipungua kilo nzima au mbili kwenye mtungi wa kilo 6, unajua poda haikutosha, hata geji iwe ya kijani kiasi gani. Karani wetu anaweza kulimaliza hili kwenye simu: "Kaka, mtungi nauchukua, ila napima hapa, na ukipungua narudisha na gari hilohilo." Wauzaji wengine husema sawa. Wengine hukumbuka ghafla kwamba mtungi ule umeshauzwa.

Wajua kwa nini mtungi wa kaboni dioksaidi hauna geji? Gesi hiyo imo ndani kama kimiminika, na mkandamizo wake unafuata joto, haufuati kiasi kilichobaki. Kwa nyuzi joto 20 ni kama baa 57, uwe umejaa au umebaki nusu. Geji isingekuambia kitu. Unautambua kwenye picha kwa umbo: chuma kizito, na mdomo mpana mweusi kama honi mahali pa tundu dogo. Kipimo chake ni uzito. Begani pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Jumlisha na kilo za gesi zilizoandikwa, kisha pima. Ukiwa umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gesi, yaani nusu kilo kwa mtungi wa kilo 5, unajazwa upya.

Huo ndio wa chumba cha kompyuta na swichi za umeme, kwa sababu hauachi unga. Usiuanike juani. Gesi hii ikipita nyuzi joto 31 haiwezi tena kukaa kama kimiminika, na mkandamizo unapanda kwa kasi. Ukizidi sana kisahani cha usalama hupasuka na gesi yote hutoka. Na ukiutumia, usishike ile honi kwa mkono mtupu kama si ya aina iliyokingwa baridi: gesi inapotoka hugeuka theluji ya nyuzi 78 chini ya sifuri.

Wajua kwamba utepe wa njano na wa krimu hufanana chini ya taa? Balbu ya mwanga wa manjano ikiwaka dukani, krimu ya povu na njano ya kemikali ya maji huwezi kuzitenganisha kwenye simu. Kwa mama wa chipsi wa stendi ya Ruangwa tofauti hiyo ni kubwa. Mafuta yaliyowaka kwenye karai yamefika nyuzi joto 340 au zaidi. Maji yakiingia humo hugeuka mvuke papo hapo, ujazo wake ukiongezeka kama mara 1,700, na mafuta yanarushwa yakiwa yanawaka. Poda na kaboni dioksaidi zinaweza kuyarusha kwa nguvu ya mtoko, au kuuzima mwali kisha mafuta yakajiwasha tena kwa joto lake. Kemikali ya maji hugeuza uso wa mafuta kuwa utando wa sabuni na kuyapoza. Kwa hiyo usiusikilize utepe. Tafuta kichoro cha kikaango na herufi F. Mtungi huo ni ghali na si rahisi kuupata wilayani. Mfuniko mkubwa wa bati unaoziba karai lote, au blanketi la moto, na kuzima jiko kwanza, ndiyo njia aliyonayo mama huyo leo.

Kwa hiyo ile "unazima moto wote, bosi" haikuwa kweli. Vichoro vya picha ni vitatu: magogo, dumu, gesi. Kikaango hakipo.

Na mwisho, wajua kwamba dawa ya moto mgumu kuliko yote inachimbwa Ruangwa? Kuna kundi D, la metali zinazowaka kama magnesiamu na lithiamu. Hapo maji ni balaa na poda ya ABC haifai. Miongoni mwa poda maalumu za kundi hilo zimo zinazotengenezwa kwa madini ya kinywe, haya haya ya Ruangwa. Kinywe hustahimili joto kali, huifunika metali isipate hewa na kunyonya joto lake. Mitungi ya namna hiyo huwa na mdomo mrefu unaomwaga poda polepole juu ya metali, bila kuipuliza. Betri za simu na pikipiki za umeme ni moto wa aina nyingine. D kwenye mtungi haimaanishi betri hizo, hata muuzaji akikuandikia hivyo chini ya picha.